Hasidi Si Hasira: Majina ya Kanga Yanavyosomwa Bukavu

Mdogo wangu alipokaribia kutoa mahari, orodha ilitufikia kama zinavyokuja orodha za wakwe hapa Bukavu: mbuzi, pesa, vinywaji, na vikwembe vya mama, yaani vitenge. Mimi nikapewa kazi ya vikwembe. Supa waksi tulizinunua soko la Kadutu, bila mjadala. Kosa nililifanya pale nilipotaka kuongeza kitu kutoka mfukoni mwangu.

Nilikuwa nimeshuka Uvira kwa shughuli nyingine, nikaona kanga zilizovuka ziwa kutoka Kigoma. Moja ilinishika macho: pindo jeusi, katikati rangi ya machungwa, na michoro ya korosho kubwa kubwa. Muuzaji akaniambia, "Hiyo ni doti moja, mama." Nikacheka, maana kwetu doti ni ile ya Kifaransa, yaani mahari yenyewe. Yeye alimaanisha vipande viwili vilivyoshikana, ambavyo unavikata na kuvipinda mwenyewe nyumbani. Nikaona ni ishara njema, doti ndani ya doti. Maneno yaliyoandikwa chini niliyasoma mbio mbio: HASIDI HANA SABABU. Kichwani mwangu hasidi ikawa ndugu yake hasira. Hasira haina sababu. Nikasema huo ni ushauri mzuri kwa watu wanaotaka kuwa ndugu, nikalipa.

Siku ya sherehe mama wa bibi harusi aliipokea kwa mikono miwili. Mama huyo alikaa Kigoma miaka mingi wakati wa vita, jambo ambalo ningepaswa kulifikiria. Aliikunjua kidogo, midomo ikatembea kwenye maandishi, kisha akaikunja tena, safari hii maneno yakiwa ndani. Akasema, "Asante, mwanangu. Nimesoma."

Watu hushukuru kwa kusema nimepokea. Yeye alisema nimesoma.

Tukiwa njiani kurudi, shangazi yangu akaniuliza taratibu kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Ile nguo, ulitaka kumwambia nini?" Nikamweleza habari ya hasira. Alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Kisha akanieleza kwamba hasidi ni mtu mwenye husuda, yule anayekuonea wivu bila wewe kumkosea lolote. Hana sababu maana yake hahitaji sababu, anachukia tu. Kwa hiyo mbele ya koo mbili nilimkabidhi mama mkwe wa mdogo wangu mita tatu za nguo zinazosema: tunakujua, una roho mbaya.

Hapo ndipo daftari langu lilipoanza. Shangazi naye alikimbilia Kigoma mwaka 1996, akakaa kambi ya Nyarugusu, na aliporudi alirudi na sanduku la bati lililojaa kanga. Nilimwomba tulifungue, tusome moja moja, na mimi niandike.

Kwanza ilibidi nifundishwe kuitazama nguo yenyewe. Kanga ina urefu wa kama mita moja na nusu na upana wa kama mita moja na kidogo. Ule mpaka unaoizunguka pande zote nne ndio pindo, uwanja wa katikati ni mji, na maandishi hukaa kwenye mstari wake, chini ya mji, juu kidogo ya pindo. Maandishi hayo wengine huyaita ujumbe, lakini watu wa pwani wengi huyaita jina. Kitenge hakina mambo hayo: ni kizito zaidi, hakina pindo la pande nne, wala hakisemi kitu. Kwenye kanga kadhaa za shangazi palikuwa pia na herufi ndogo pembeni, K.H.E. MALI YA ABDULLA. Hiyo ni alama ya Kaderdina Hajee Essak, duka la Mombasa lililoanza mwaka 1887, na bado watu huitafuta kama sisi tunavyotafuta alama ya waksi ya Uholanzi. Nguo ilikuwepo kabla ya maneno. Wanawake wa pwani walianza kwa kuunga leso sita, tatu juu na tatu chini, ndiyo sababu hadi leo Mombasa wengi huiita leso. Majina yalikuja baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa hizi za Kilatini.

Jambo ambalo daftari halikuweza kunifundisha shangazi alinionyesha kwa mwili. Alijifunga kanga kiunoni, akageuka, akatembea hadi mlangoni. Maandishi yalikuwa nyuma, chini ya kiuno. Aliyevaa hayasomi. Anayesoma ni yule aliyebaki nyuma yake.

"Sasa niulize kama nimekutukana," akasema.

Hilo ndilo fundo lote la kanga, na nimelizunguka tangu siku ile. Ukimwambia jirani kwa mdomo kwamba yeye ni hasidi, kesho mko mbele ya wazee. Ukipita mbele ya mlango wake umevaa kanga, yeye ndiye anabanwa. Akinyamaza, maneno yamefika. Akilalamika, utamjibu kwamba wewe ulinunua rangi, na zaidi ya hapo atakuwa amekiri mwenyewe kwamba jina lile linamfaa. Anayeuliza "unanisema mimi?" ameshajiandikisha.

Ukitazama sarufi ya majina hayo utaona yameshonwa kwa kazi hiyo hiyo. Hasidi hana sababu: nafsi ya tatu, hali ya kila siku, hakuna jina la mtu, hakuna leo wala jana. Ni kauli kuhusu dunia, na dunia haiwezi kukushitaki. Majina mengi ya sanduku la shangazi yako hivyo. Machache yanathubutu kusema mimi, kama hili: NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE. Hapa msemaji ametoka hadharani, lakini tazama alivyomficha mpinzani. Simba ametajwa waziwazi. Adui amebaki "mtu", yaani yeyote. Shangazi alisema kanga hii ni ya mwanamke aliyechoka na mawifi, na kwamba mwanamke mwenye busara haivai mwaka wa kwanza wa ndoa.

Nilipoanza kuwauliza wanawake wengine, mtaani na kanisani, nilikosea tena. Swali langu lilikuwa: jina hili lina maana gani? Majibu yakaja kama ya darasani. Wema hauozi? Maana yake ukitenda mema utalipwa. Kila mtu alinipa jibu hilo hilo na hakuna aliyejifunza kitu, mimi wa kwanza. Shangazi ndiye aliyenibadilishia swali. "Usiulize iko na maana gani. Uliza: wewe utaivaa siku gani, na nani akuone?"

Mambo yakafunguka. WEMA HAUOZI, mama mmoja akasema angempelekea dada aliyemlelea watoto wake wakati yeye anaumwa. Hapo ni shukrani. Mwingine akasema, hapana, yeye angeivaa kwenda kumtembelea rafiki aliyekopa pesa zake na ambaye sasa anapita upande wa pili wa barabara. Hapo ni madai. Herufi ni zile zile. Kinachobadilika ni nani anamdai nani, na kanga haikuandika hilo popote. Ndiyo maana kwenye daftari langu nguzo ya "maana" niliifuta kabisa, nikaweka mbili mpya: anayesema na anayeambiwa. Nilijifunza pia kuuliza mtu mmoja mmoja. Wakikaa watatu, jibu la kwanza huwa la heshima na wengine hulifuata. Ukibaki na mmoja jikoni, mbanda anatajwa kabla maji hayajachemka. Mbanda, kwa msomaji wa mbali, ni mwanamke mnayegawana mume, iwe mnajuana au hamjuani. Pwani wangesema mke mwenza, lakini mke mwenza ana heshima ya ndoa. Mbanda hana lazima ya hiyo.

Kisha tukafika kwenye kanga iliyonipa kazi kuliko zote. Ilikuwa ya kijani, imechakaa pembeni, na jina lake hili:

MDHANIAE NDIYE KUMBE SIYE

Mtu wa pwani anaisoma hivi. Ile m ya mwanzo ni nyinyi. Dhania ni kitenzi. Ile e ya mwisho ni ye, ya yule. Yaani, yule mnayemdhania kuwa ndiye, kumbe siye, si yeye. Rafiki uliyemwamini hakuwa rafiki. Mwanaume uliyefikiri ni wako hakuwa wako. Ni kanga ya mtu aliyekosea kuchagua, au anayemwonya mwenzake kwamba amekosea.

Nikampelekea jirani yangu, mzaliwa wa Kadutu ambaye hajawahi kufika pwani yoyote isipokuwa ya Kivu. Aliisoma kwa sauti, akanyamaza, akapiga makofi. "Eh! Huyu mama iko na nguvu!" Nikamwuliza kwa nini. Akanieleza kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi: bamama wanadhania ni mwanamke fulani ndiye anayetembea na yule bwana, kumbe ni siye. Ni sisi!

Kwa Kiswahili chetu siye ni sisi. Tunasema miye, weye, siye, kila siku, bila kufikiri. Jirani yangu hakubabaisha wala hakubahatisha. Alisoma kila neno kwa sarufi aliyokulia nayo, na sentensi ikasimama vizuri. Isipokuwa maombolezo yaligeuka majigambo. Kanga ya mwanamke aliyedanganywa ikawa kanga ya mwanamke anayedanganya.

Nikakimbia kwa shangazi nikiwa na furaha ya mtu aliyegundua kosa. Hakuliita kosa. Akasema hata kule watu wengi husema siye kwa maana ya sisi, na kwamba kambini aliwahi kusikia wanawake wakicheka juu ya kanga hiyo hiyo kwa sababu hiyo hiyo. Maandishi ya kanga ni herufi kubwa tupu, na mara nyingi hayana koma wala kituo. Weka pumzi baada ya ndiye, umepata maana moja. Sema siye kwa sauti ya ushindi, umepata nyingine. Tangu hapo naandika kwanza jina kama lilivyochapwa, herufi kwa herufi, bila kuongeza koma hata moja, na ninamwomba msomaji asome kwa sauti kabla ya kuniambia lolote. Mahali anapovuta pumzi napatia alama ya mkwaju. Mara nyingi ile alama peke yake inanitosha.

Ugumu mwingine ni maneno yasiyoishi kwetu. Japo, kwa mfano. JAPO SIPATI TAMAA SIKATI ni kanga ya mwenye kupenda bila kupendwa, au ya anayesubiri mtoto, au ya aliyeomba kazi, inategemea. Hapa Bukavu tunasema hata kama, hatusemi japo. Wanawake wawili waliniambia ni jina la mtu, Bwana Japo, na mkewe analalamika kwamba hampi kitu. Nimeiandika hivyo hivyo. Nilijiambia kwamba mtu ambaye aliisoma hasidi kuwa hasira hana haki ya kumcheka Bwana Japo.

Sasa msomaji wa Bukavu ataniuliza: kwani sisi hatuna vikwembe vinavyosema? Tunavyo, na hapa ndipo kazi iliponipendeza zaidi, kwa sababu vyetu vinasema bila kuandikwa.

Maandishi kwenye kikwembe chetu ni jambo la kundi. Kikwembe cha kina mama wa parokia, kikwembe cha chama, kikwembe cha tarehe 8 mwezi wa 3. Wazee wanakumbuka sura ya Mobutu ikikaa juu ya tumbo na mgongo. Maneno yapo, lakini hayamsemi mtu. Yanasema aliyevaa ni wa wapi. Mia moja wanavaa jina moja siku moja. Pwani kanga ya mafumbo hupoteza ukali wake ikivaliwa na mtaa mzima, kwa sababu mlengwa hawezi tena kujitambua.

Majina yetu ya kuchomana yako kwenye waksi, na hayakuchapwa. Yako mdomoni mwa wauzaji. Kuna ile yenye tundu la ndege lililoachwa wazi, ambayo kuanzia Afrika Magharibi hadi kwetu inajulikana kwa jina la Kifaransa lenye maana ya "ukitoka, na mimi natoka". Ni mke anamwambia mume: kama wewe una mambo ya nje, mlango ni ule ule. Kuna nyingine inaitwa jicho la mbanda wangu. Kiwanda kinachapa tundu au jicho na kuweka namba; jina linazaliwa sokoni, na mji mwingine unaweza kuipa nguo hiyo hiyo jina jingine.

Tofauti hiyo inageuza uhusiano mzima. Kanga inasomwa na yeyote anayejua herufi, mwanaume naye yumo. Waksi inasomwa na wanawake tu, tena waliokaa sokoni. Mama mmoja alinisimulia kwamba mumewe alimletea yadi sita za tundu la ndege, zawadi ya kurudi safari, akajivunia rangi zake. Hakujua jina. Mama akashona blauzi na vipande viwili vya kujifunga, akavaa kwenye harusi ya shemeji yake, na wanawake wote wa meza yake wakamtazama yule bwana, kisha wakamtazama mama, wakakohoa. Bwana akadhani wanasifu nguo. "Mpaka leo anaipenda sana ile kikwembe," mama akaniambia. "Ananiambia nivae. Navaa."

Nikamwuliza kama angekubali jina lile lichapwe chini kwa herufi kubwa, kama kanga. Akakataa bila kufikiri. Mumewe angesoma. Halafu ingebidi wazungumze.

Nimebaki na jibu hilo muda mrefu. Kanga inampa mwanamke njia ya kusema huku akikana. Waksi inampa njia ya kusema mbele ya mlengwa bila mlengwa kusikia, na mashahidi wakasikia badala yake. Ya kwanza inataka ujumbe ufike. Ya pili mara nyingine inataka tu mtu mwingine ajue kwamba unajua. Sidhani kama moja ina ujasiri kuliko nyingine. Zinafanya kazi katika nyumba tofauti.

Sanduku la shangazi tumelimaliza. Kwenye daftari zipo pia zile za upole ambazo sikuzigusa hapa, NANI KAMA MAMA na SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU. Hizo hazina ugumu: hakuna aliyewahi kuzisoma vibaya wala kugombana kwa ajili yake, na nguzo zangu mbili zinabaki karibu tupu. Za upendo wa mke na mume ni chache kuliko nilivyotegemea. Shangazi alisema hizo huchakaa mapema, kwa sababu ndizo zinazovaliwa nyumbani.

Kuhusu mama mkwe wa mdogo wangu, nilitaka kwenda kuomba msamaha. Shangazi akanikataza. Kumwomba msamaha kungekuwa kukiri kwamba niliandika. Akaniambia nipeleke doti nyingine, nisiseme kitu. Tulichagua pamoja, jioni nzima: UKIPENDA BOGA PENDA NA UA LAKE. Boga ni binti yao. Ua ni sisi wote tulioning'inia naye, na ujinga wetu. Mama mkwe aliikunjua, akasoma, akacheka kwa pua, akaiweka begani palepale.

Miezi mitatu baadaye nilipanda kwao kumwona mtoto aliyezaliwa. Tulitoka pamoja kununua maziwa, yeye mbele, mimi nyuma na mfuko. Alikuwa amejifunga ile ya rangi ya machungwa, yenye korosho, pindo jeusi. Tulipofika kwenye nyumba yenye geti la bluu, ambapo mwanamke mmoja alikuwa ameketi kizingitini akichambua maharage, mama mkwe alisalimia vizuri sana, akauliza habari za watoto wote mmoja mmoja. Kisha akageuka na kupunguza mwendo.

Mkono wa yule mwanamke ulisimama juu ya sinia. Alikuwa anasoma.